Hemofilia: goti linalojaa damu bila kidonda, na kwa nini daktari huuliza habari za wajomba

Mtoto wa kiume wa miaka minne amelala vizuri usiku kucha. Asubuhi hataki kushuka kitandani. Goti lake la kulia limejaa, lina joto kuliko la kushoto, amelikunja kidogo, na akiona mkono wa mtu unakaribia analia. Hana kidonda. Jana alicheza kama siku zote na hakuna aliyemwona akianguka. Nyumbani wanadhani ameteguka, kwa hiyo wanamkanda kwa maji ya moto. Jioni goti limekuwa kubwa zaidi.

Hospitalini daktari analitazama goti, anaangalia michubuko ya zamani mapajani, anauliza kama damu ilichelewa kukatika mtoto alipotahiriwa. Kisha anamgeukia mama: “Una kaka, mama? Na mama yako alikuwa na kaka? Kuna yeyote kati yao aliyewahi kutokwa na damu isiyokatika?” Baba amekaa palepale, ana kaka wanne, na hakuna anayeuliza habari za hata mmoja.

Familia hii nimeitunga, lakini kila kitu kinachoipata ni cha kawaida katika hemofilia. Goti lisilo na kidonda na swali la wajomba ndiyo mambo mawili ambayo watu hayawaingii akilini kwa urahisi. Kila Aprili 17, Siku ya Hemofilia Duniani, ugonjwa huu hutajwa kwenye habari, na wengi hubaki na picha ya mtu aliyekwaruzwa na wembe akavuja damu mpaka akafa. Picha hiyo si sahihi, na ina madhara. Mzazi anayeiamini huficha visu na mikasi, huku goti linaharibika mbele ya macho yake.

Hemofilia ni ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao damu inachelewa kuganda kwa sababu imepungukiwa protini moja ya kugandisha. Protini hizi ziko kadhaa, zinaitwa fakta, na zimepewa namba. Anayekosa fakta ya nane ana hemofilia A. Anayekosa fakta ya tisa ana hemofilia B. Aina ya A ndiyo inayoonekana zaidi: humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto 5,000 wa kiume wanaozaliwa, na B ni adimu kuliko hapo. Mtoto aliyelala na goti lililovimba hawezi kukuonyesha kwa macho ana ipi kati ya hizo mbili. Ni maabara tu inayoweza kusema.

Sasa tuone damu inavyoganda. Mshipa mdogo ukipasuka, mwili huuziba kwa hatua mbili. Kwanza chembe sahani, ambazo ni vipande vidogo mno vinavyoelea kwenye damu, hukimbilia kwenye tundu na kujibana hapo, kama mtu anayeziba tundu la ukuta kwa kupanga mawe. Hatua hii huchukua dakika chache. Lakini mawe bila saruji hayadumu. Kwa hiyo inakuja hatua ya pili: nyuzi ngumu za protini inayoitwa faibrini husokotana kati ya chembe sahani na kuzishika pamoja. Hiyo ndiyo saruji.

Mwenye hemofilia ana mawe ya kutosha. Chembe sahani zake ni nzima, idadi yake ni ya kawaida, na ndiyo maana mkwaruzo wa juujuu kwenye kidole hukauka kama wa mtu mwingine. Kinachokosekana ni saruji. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya wengine. Hutoka kwa muda mrefu zaidi, au husimama kisha ikaanza tena saa kadhaa baadaye pale mawe yanapoporomoka. Kwa sababu hiyo, jino likishang'olewa damu inaweza kukatika vizuri kwenye kiti cha daktari, halafu mto ukakutwa umelowa usiku.

Kwa nini kukosa fakta ya nane au ya tisa kulete ugonjwa uleule? Kwa sababu hizi mbili hufanya kazi moja. Fakta ya tisa ni fundi, fakta ya nane ni msaidizi anayemshikia. Pamoja huiamsha fakta inayofuata, ya kumi, kwa kasi kubwa, na hiyo inaendeleza kazi mpaka faibrini itengenezwe. Fundi bila msaidizi anajikongoja. Msaidizi bila fundi hana la kufanya. Vyovyote vile ukuta haukamiliki.

Ukali wa ugonjwa hutegemea kiasi kilichobaki. Kwa mtu asiye na ugonjwa, kiwango cha fakta huwa kati ya asilimia 50 na 150, kwa maana hiyo tuna akiba kubwa ambayo hatuitumii siku za kawaida. Aliye na chini ya asilimia 1 ana hemofilia kali, na huyu ndiye anayeweza kuamka na goti lililojaa bila sababu inayoonekana. Kati ya 1 na 5 ni ya wastani. Kuanzia 5 hadi 40 ni hafifu, na mtu wa kundi hili anaweza kufika utu uzima bila kujua, mpaka afanyiwe upasuaji au apate ajali. Kiwango hiki hakipandi kwa chakula wala kwa vidonge vya kuongeza damu. Mtoto hana upungufu wa damu. Damu yake imekosa protini moja ambayo mwili haujui kuitengeneza.

Kwa nini goti

Damu nyingi ya hemofilia kali humwagika mahali ambapo macho hayafiki, ndani ya viungo, hasa magoti, viwiko na vifundo vya miguu. Hivi vitatu hufunguka na kufunga kama bawaba, vinabeba uzito au kuvuta nguvu siku nzima, na havina nyama nyingi ya kuvikinga. Bega na nyonga huvuja pia, lakini mara chache zaidi.

Ndani ya goti mifupa haigusani. Ncha zake zimevikwa gegedu, tabaka jeupe na laini linaloteleza. Pembeni kuna utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha, na utando huo umejaa mishipa midogo ya damu. Mtoto anayekimbia, kuruka na kuchuchumaa huichubua mishipa hiyo mara kwa mara bila kujua. Wewe na mimi tunachubuka vilevile kila siku, ila mshipa huzibwa kabla hatujahisi chochote.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Ngozi ina akiba kubwa ya protini inayowasha kazi ya kuganda pale pale inapokatwa, na moto huo wa mwanzo hutosha kutengeneza faibrini kidogo hata kama fakta ya nane haipo. Utando wa ndani ya kiungo una akiba ndogo mno ya protini hiyo. Kiungo kinamtegemea fundi na msaidizi wake kuliko ngozi inavyowategemea. Ndipo unapoona mtoto ana mkwaruzo mkavu mkononi na goti lililojaa damu kwa wakati mmoja, na mambo hayo mawili hayapingani.

Damu ikianza kumwagika ndani ya goti, dalili ya kwanza si uvimbe. Mtoto mkubwa au mtu mzima mwenye hemofilia atakwambia kiungo “kinachemka” au “kinawasha kwa ndani”, kinakakamaa kidogo, na hapo kwa nje hakuna cha kuona. Mimi naona hii ndiyo sentensi muhimu kuliko zote ambazo mgonjwa anaweza kusema, na mara nyingi hupuuzwa kwa sababu goti linaonekana zima. Baada ya hapo huja joto, kisha uvimbe, kisha maumivu makali kadiri damu inavyotanua mfuko wa kiungo. Mtoto mdogo asiyejua kueleza humwonyesha mzazi kwa mwili: anachechemea, anatambaa kwa kuvuta mguu mmoja, au anatumia mkono wa kushoto kushika kijiko wakati jana alitumia wa kulia.

Uvujaji mmoja ukitibiwa mapema, kiungo huweza kurudi katika hali yake. Tatizo ni kurudiarudia. Damu iliyomwagika ina madini ya chuma, na utando wa kiungo ndio hupewa kazi ya kuisafisha. Ukilemewa na chuma huvimba, hunenepa, na huotesha mishipa mipya ya damu, mingi na dhaifu kuliko ya mwanzo. Utando mnene wenye mishipa dhaifu hubanwa kwa urahisi kati ya mifupa, kwa hiyo huvuja tena kwa jambo dogo zaidi. Kila uvujaji unatayarisha unaofuata. Madaktari wakiona kiungo kimoja kimevuja mara tatu au zaidi ndani ya miezi sita bila sababu ya wazi, hukihesabu kuwa kiungo kilicholengwa, na hukifuatilia peke yake.

Wakati huohuo gegedu linalika, nalo haliotei tena. Mtoto akiogopa maumivu hulikunja goti na kuliacha hivyo, misuli ya paja inasinyaa, na goti lisiloshikiliwa na misuli imara linachubuka upesi zaidi. Kijana aliyevuja mara nyingi bila tiba anaweza kuwa na goti la mtu mzee kabla hajafika miaka 20: mfupa unasuguana na mfupa, mguu haunyooki. Ulemavu huo watu wamezoea kuuita baridi yabisi au matokeo ya kuteguka zamani, na hapo nafasi ya kuuliza chanzo hupotea.

Maji ya moto na kukanda, walivyofanya nyumbani kwa mtoto wetu, huongeza mtiririko wa damu kuelekea mahali panapovuja. Kinachosaidia wakati wa kwenda hospitali ni kuupumzisha mguu na kuuinua juu ya mto, bila kumlazimisha mtoto akunje au anyooshe goti. Dawa za maumivu aina ya aspirini na ibuprofeni ziepukwe, kwa kuwa zinaharibu kazi ya chembe sahani. Huyu tayari hana saruji. Ukimwondolea na mawe umemmaliza. Parasetamoli haina shida hiyo. Sindano za kwenye msuli pia huepukwa, kwa sababu msuli unaweza kujaa damu kama goti. Na aliyegonga kichwa asisubiri dalili. Damu ikimwagika ndani ya fuvu haina pa kutanuka, na hilo ndilo linaloua, kuliko wembe.

Maabara wanapima nini? Hesabu ya chembe sahani itakuwa ya kawaida. Vipimo viwili vya muda wa kuganda hufanywa pamoja: kimoja kinapita njia isiyowahusu fundi na msaidizi, hicho kitatoka sawa; kingine kinapita kwao, nacho kitachelewa. Tofauti hiyo ndiyo inayomwelekeza daktari kwenye hemofilia, kisha fakta ya nane na ya tisa hupimwa moja moja kupata asilimia. Katika hemofilia hafifu kipimo cha muda kinaweza kutoka sawa au kuchelewa kidogo tu, kwa hiyo familia yenye historia isitosheke na hicho peke yake. Tuseme mtoto wetu amekutwa na fakta ya nane chini ya asilimia 1.

Tiba ni kumpa kile alichokosa. Fakta hukaushwa ikawa unga kwenye chupa ndogo, huchanganywa na maji maalumu na kudungwa kwenye mshipa. Hesabu yake ni nyepesi. Uniti moja ya fakta ya nane kwa kila kilo ya uzito hupandisha kiwango kwa takriban asilimia 2. Mtoto ana kilo 16, na daktari anataka kiwango kifike asilimia 40 ili goti lisimame kuvuja. Anazidisha 16 kwa 40, anagawa kwa 2, anapata uniti 320. Ingekuwa hemofilia B, uniti moja kwa kilo hupandisha takriban asilimia 1 tu, na angehitaji 640.

Lakini fakta iliyodungwa haikai. Ya nane hupungua kwa nusu kila baada ya saa 8 hadi 12 hivi. Asilimia 40 ya jioni huwa 20 au pungufu alfajiri, na mchana unaofuata imebaki 10. Kwa hiyo sindano moja inaweza isitoshe, na muda wa kuanza una uzito mkubwa. Wanaoifahamu hemofilia husema fakta kwanza, picha na vipimo vingine baadaye, na hujitahidi sindano iingie ndani ya saa mbili tangu dalili ya kwanza. Ukisubiri uvimbe uonekane kwa macho umesubiri damu ijae.

Penye dawa za kutosha, watoto wenye hemofilia kali hudungwa kwa ratiba kabla ya kuvuja, ili kiwango kisishuke chini kabisa. Kwa hemofilia A ipo pia emisizumabu, sindano ya chini ya ngozi inayotolewa mara moja kwa wiki, kila wiki mbili au kila wiki nne. Hii si fakta ya nane. Ni kingamwili iliyoundwa kushika nafasi ya msaidizi: mkono mmoja unamshika fundi, fakta ya tisa, mwingine unashika fakta ya kumi, na kazi inaendelea. Ina faida kubwa kwa wale ambao miili yao imeikataa fakta ya nane. Karibu theluthi ya wenye hemofilia A kali hutengeneza kingamwili dhidi ya fakta wanayodungwa, kwa kuwa mwili haujawahi kuiona na huidhania adui. Dalili yake ni kwamba dozi iliyokuwa ikitosha haizuii tena uvujaji, na hapo kupimwa tena ni lazima.

Swali la wajomba

Turudi kwa daktari na wajomba. Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, maana sisi hatuchanganyi mjomba na baba mdogo, wala shangazi na mama mdogo. Hemofilia nayo haiwachanganyi.

Maelekezo ya kutengeneza kila protini yameandikwa kwenye jeni, na jeni zimepangwa kwenye kromosomu, tuziite vitabu. Tuna vitabu 46, jozi 23. Nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Jozi moja ndiyo inayoamua jinsia. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume ana X moja na Y moja, na Y ni kitabu kifupi chenye mambo mengine. Maelekezo ya fakta ya nane na ya fakta ya tisa yote yako kwenye X.

Mwanamume basi ana nakala moja tu ya maelekezo hayo. Ikiwa na kosa hana pa kusoma pengine, na atakuwa na hemofilia. Mwanamke mwenye kosa kwenye X moja ana ya pili ya kusomea, kwa hiyo kwa kawaida hutengeneza fakta ya kutosha. Huyo ndiye mbebaji.

Mtoto wa kiume hupata Y kutoka kwa baba, na X yake kutoka kwa mama. Daima. Baba hawezi kumpa mwanawe wa kiume X, la sivyo angezaliwa wa kike. Ndiyo sababu kaka wanne wa baba hawakuulizwa: hata kama wangekuwa na hemofilia wote wanne, X yao isingemfikia mtoto huyu kupitia kwa baba yake. X ya mtoto imetoka kwa mama, na mama aliipata kwa wazazi wake. Wanaume wanaoweza kuwa na X hiyo hiyo ni kaka zake mama na kaka za bibi mzaa mama.

Watu waliliona hili zamani kabla hata neno jeni halijakuwapo. Katika karne ya 2 marabi wa Kiyahudi walipelekewa habari za dada ambao watoto wao wa kiume walikuwa wanakufa baada ya kutahiriwa, mmoja baada ya mwingine. Alipokuja dada wa nne kuuliza, aliambiwa asimtahiri wake. Waliona kwamba hatari inafuata akina mama wa tumbo moja, ingawa baba za watoto walikuwa tofauti.

Sasa mama mbebaji akipata mimba, ni kama kurusha sarafu. Kila mtoto wa kiume ana nusu kwa nusu ya kupata X yenye kosa na kuugua. Kila mtoto wa kike ana nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji. Sarafu haina kumbukumbu, na hapa watu wengi hukosea. Mama aliyejifungua mvulana mwenye hemofilia hajamaliza fungu lake la bahati mbaya. Wa pili ana nusu kwa nusu ileile.

Kwa baba mwenye hemofilia mambo ni tofauti kabisa, na hayana sarafu. Watoto wake wa kiume, ikiwa mama yao si mbebaji, wote ni wazima, kwa kuwa wamechukua Y yake. Mabinti zake wote ni wabebaji, kwa kuwa X yake ni moja na ndiyo aliyowapa. Hapo ndipo pametoka usemi kwamba ugonjwa “unaruka kizazi”. Haukuruka popote. Ulipita kwa binti bila kuonekana, ukajitokeza kwa mjukuu.

Mfano ulioandikwa vizuri ni wa Leopold, mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1853. Alikuwa na hemofilia, akafa mwaka 1884 baada ya kuanguka. Aliacha binti, Alice, na mtoto wa kiume, Charles Edward, aliyezaliwa baada ya kifo cha baba yake. Charles Edward hakuwa na hemofilia. Alice alikuwa mbebaji, na mwanawe Rupert alikuwa nayo. Alifariki mwaka 1928 baada ya ajali ya gari. Tawi jingine la ukoo huo lilifika Urusi kwa mjukuu wa Victoria, na mtoto wake Aleksei, mrithi wa kiti cha ufalme aliyezaliwa mwaka 1904, alivuja kwenye viungo mpaka kuna nyakati alibebwa kwa kushindwa kutembea. Mifupa ya familia ile ilipochunguzwa kwa vinasaba, matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha ilikuwa hemofilia B.

Kabla ya Victoria hapakuwa na dalili ya ugonjwa katika ukoo wake, na hilo si ajabu. Karibu theluthi ya wenye hemofilia hawana ndugu yeyote aliyewahi kuwa nayo, kwa kuwa kosa la jeni linaweza kutokea upya. Karibu nusu ya hemofilia A kali husababishwa na kosa la aina moja: kipande cha jeni ya fakta ya nane kimegeuka kichwa chini miguu juu. Kosa hilo hutokea hasa mbegu za kiume zinapotengenezwa, kwa sababu X ya mwanamume haina pacha wa kujilinganisha naye, na huweza kujikunja yenyewe. Katika familia nyingi za namna hii chanzo ni mbegu moja ya babu mzaa mama, mtu ambaye hakuwahi kuugua hata siku moja. Binti yake akazaliwa mbebaji, na mwanawe akaugua. Nawaambia hili hasa wale wanaomlaumu mama wa mtoto kwamba “kaleta ugonjwa”. Hakuutengeneza, hakuuchagua, na mara nyingi hakuupata hata kwa mama yake.

Na mbebaji si lazima awe mzima kabisa. Katika kila chembe ya mwili wa mwanamke, X moja hufungwa mapema kabla hajazaliwa, na ni bahati tu ipi ifungwe. Ikitokea chembe nyingi zimefunga ile nzima, fakta yake inaweza kushuka chini ya asilimia 40, naye kwa hesabu zote ana hemofilia hafifu. Hedhi yake ni nzito kupita kiasi na hudumu siku nyingi, anachubuka kwa urahisi, anavuja sana baada ya kujifungua. Fakta ya nane hupanda yenyewe wakati wa ujauzito, kisha hushuka baada ya kuzaa, kwa hiyo damu inaweza kuanza upya siku kadhaa baada ya kuruhusiwa nyumbani. Fakta ya tisa haipandi hivyo. Wanawake wengi wamekaa miaka wakiambiwa ndiyo maumbile yao.

Katika familia yetu, mama amejibu swali la daktari. Alikuwa na kaka mmoja aliyekufa mdogo, damu ilikataa kukatika baada ya tohara. Kwa jibu hilo, na kwa mtoto aliyeko kitandani, tunaweza kusema kwa uhakika karibu wote kwamba bibi alikuwa mbebaji na mama ni mbebaji. Dada yake mtoto, wa miaka saba, ana nusu kwa nusu. Lakini anayehangaika zaidi siku hiyo ni mama mdogo. Ana wavulana wawili wazima, na ana mimba. Je, yuko salama?

Tuwafikirie wanawake wanane walio kama yeye, mabinti wa mbebaji. Wanne tunategemea ni wabebaji, wanne sio. Kila mmoja azae wavulana wawili. Wale wanne wasio wabebaji watakuwa na wavulana wazima wote. Kati ya wabebaji wanne, kwa kurusha sarafu mara mbili, ni mmoja tu tunayetegemea apate wavulana wote wawili wazima. Kwa hiyo wanawake wenye wavulana wawili wazima ni watano, na mmoja wao ni mbebaji. Hatari ya mama mdogo imeshuka kutoka nusu hadi moja ya tano. Imepungua, haijaisha, na wanawe wazima peke yao hawawezi kuithibitisha. Kumpima kiwango cha fakta nako hakutoshi, kwa kuwa mbebaji anaweza kuwa na asilimia 80 na mimba inaipandisha.

Jibu la kweli liko kwenye jeni, nalo lina utaratibu wake. Kwanza kosa linatafutwa kwa yule ambaye hakika analo, mtoto, kwa sababu X yake ni moja na kosa halina pa kujificha. Likishajulikana ni kosa gani, linatafutwa hilo hilo kwa mama mdogo. Akiwa nalo, wanaomzalisha wataepuka kumvuta mtoto kwa kifaa cha kunyonya kichwa, damu ya kitovu itapimwa siku ya kwanza, na kama ni mvulana tohara itasubiri majibu. Asipokuwa nalo, yeye na uzao wake wameondoka kwenye hesabu hii. Jioni hiyo, wakati uniti 320 zinaingia taratibu mkononi mwa mtoto, muuguzi anatoa bomba moja dogo la damu kwa ajili ya jeni, na mama mdogo anapigiwa simu aje asubuhi.